Chapita ya sampuli kwa kurasa 3: anza na mwenye hana nafasi ya kuulizwa

*Jambo dada. Niko natayarisha memwari hapa Bukavu, juu ya maji kwenye kartie moja ya Kadutu: watu wanachota wapi, wanalipa ngapi kwa bidoni moja, wanapoteza muda gani. Kwenye metode nilikopi chapita nzima ya sampuli toka nota za kozi, ikatoka kurasa 17, aina zote na definisyo zake. Direkta akairudisha, pembeni ameandika tu: fupisha, kurasa 3, sema kila aina inafaa wakati gani na inaleta upendeleo gani. Nimekata, nimekata, nikabaki na tabulo ya majina yenye haisemi kitu. Mimi nilipanga kuuliza watu 96 kwenye robine za publiki asubuhi, juu pale ndiyo watu wa maji wanapatikana, na nimeshaanza. Sijui nikate nini nibakize nini. Nisaidie dada, depo iko karibu.*

Mdogo wangu, tabulo yako haisemi kitu juu umebakiza majina na ukakata sababu. Fanya kinyume. Hata nota za profesa ziwe na kurasa ngapi, chapita ya sampuli inazunguka swali moja: kila menaji ya ile kartie ina nafasi gani ya kufikiwa na karatasi yako ya maswali, na wewe ile nafasi unaijua ao hauijui. Kama unaijua, na hakuna menaji yenye nafasi yake ni sifuri, uko kwenye familia ya kwanza, sampuli za kura: kura rahisi, kura ya hatua, matabaka, vishada. Kama hauijui, uko kwenye familia ya pili: ya urahisi, ya mgawo, ya makusudi, ya mtu kuleta mtu. Ile sentensi mbili zinamaliza karibu kurasa 5 za nota zako. Na upendeleo, yaani ile namna jibu linainamia upande moja, usiuwekee sehemu yake peke yake mwishoni kama vile watu wengi wanafanya, hapana, kila upendeleo unazaliwa na namna ulivyochagua watu, kwa hiyo useme palepale unaposema ile namna.

Sasa kwa nini usiandike tu kwamba utafanya kura rahisi, ile ya kuandika majina yote na kuchomoa? Juu kura rahisi inataka orodha ya kila mtu, na hapa kwetu orodha haiko. Sensa ya mwisho ya Kongo nzima ilifanyika 1984. Mtu anayeandika kwenye memwari "tulichagua menaji kwa kura rahisi" na hasemi alichomoa kwenye orodha gani, mwenye kusoma akiwa anajua kazi atamuuliza palepale. Orodha zenye ziko ni za vipande. Ya waabone wa REGIDESO ni nzuri kama unasoma juu ya faktire, lakini mpangaji wa nyuma ya parsele anayenunua maji kwa bidoni hayuko mule, na ndiye huyo unamtafuta. Kaye ya shefu wa avenyu inamkaribia zaidi, hata kama ina makosa yake, nitarudilia.

Orodha yenye shimo inaharibu kazi hata kama watu ni wengi ajabu. Mfano wenye kujulikana ni wa gazeti moja la Amerika, Literary Digest, mwaka 1936. Lilituma karatasi kwa watu kama milioni 10, majina yao mengi yalitoka kwenye vitabu vya telefone na orodha za wenye gari. Zaidi ya milioni 2 walijibu, gazeti likatangaza Landon atashinda uchaguzi wa rais, halafu Roosevelt akachukua majimbo 46 kwa 48. Wakati ule wa njaa ya kazi, mwenye telefone na gari hakuwa sawa na mwenye hana, na tena wale waliojisumbua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na wale waliokaa kimya. Huu mfano uupe mistari minne kwenye memwari yako, unabeba upendeleo mbili kwa mara moja: wa orodha na wa wenye hawajibu. Na unaonyesha kitu chenye direkta wako anataka kuona umeelewa, kwamba wingi wa watu hauponyeshi uchaguzi mubaya.

Tuje kwenye robine zako. Ile inaitwa sampuli ya urahisi, unamuuliza mwenye unamkuta. Upendeleo wake wa kwanza unauona mwenyewe: mwenye robine ndani ya parsele hayupo pale, anayenunua kwa wale wanaopandisha maji mgongoni hayupo, anayetuma watoto hayupo (mtoto ndiye yupo, na mtoto hajui mama analipa ngapi kwa mwezi). Lakini kuna wa pili umejificha, na ukiuandika vizuri utakuwa umefanya kazi kuliko wengi. Mtu anayekuja kuchota mara 3 kwa siku ana nafasi mara 3 zaidi ya kukutana na wewe kuliko anayekuja mara 1. Kwa hiyo kwenye mustari wako utajaza wale wa mara nyingi, na utaamini kartie nzima inaishi vile.

Tuchukue mfano wa namba ili uone ukubwa wake. Tuseme umekaa siku nzima na kati ya watu 96, 60 wamekwambia wanakuja mara 3, na 36 wanakuja mara 1. Ukihesabu hivihivi, wa mara 3 ni kama 62 kwa 100. Sasa sahihisha: kila mtu mupe uzito wa 1 gawanya kwa mara anazokuja. Wale 60 wanakuwa 20, wale 36 wanabaki 36, jumla 56. Wa mara 3 sasa ni 20 kwa 56, yaani kama 36 kwa 100. Imetoka karibu thuluthi mbili ikawa zaidi kidogo ya thuluthi moja, na hakuna mtu amekudanganya! Kwa hiyo wale wenye umeshauliza usiwatupe. Kama uliandika kwamba mtu anakuja mara ngapi, fanya ile hesabu. Kama hukuuliza, tumia majibu yao kwa vitu vya pale kwenye robine tu, muda wa kungoja kwenye mustari, bei ya pale, ugomvi wa pale, na useme wazi kwamba hayasemi kitu juu ya menaji za kartie. Tena asubuhi peke yake ni shida, juu wa asubuhi si wa jioni, kama maji yanakuja kwa saa fulani tu mustari unabadilika kabisa.

Bon, basi ufanye nini? Kwa somo lako yenye inafaa ni vishada, yaani unachagua kwanza vikundi vya menaji halafu menaji ndani yake, kishada chako kikiwa avenyu. Vishada vinafaa pale orodha ya watu haiko lakini orodha ya mahali iko. Hauhitaji majina ya kartie nzima, unahitaji majina ya avenyu zote, na kwa kila moja hesabu ya karibu ya menaji. Ile unaipata kwa shefu wa kartie na mashefu wa avenyu, na kwa nyumbakumi kama kaye ya shefu ni ya zamani sana. Halafu unalista menaji za zile avenyu zenye zimechaguliwa tu.

Tufanye pamoja, na namba za mfano tu, wewe utaweka zako. Tuseme avenyu zote pamoja zina menaji 3000 na unataka 96, menaji 4 kwa avenyu, kwa hiyo avenyu 24. Panga avenyu zako toka chini ya mulima mpaka juu (hii usiisahau, nitasema kwa nini). Pembeni ya kila moja andika menaji zake, na pembeni tena jumla inayoendelea: ya kwanza ina 40, andika 40, ya pili ina 120, andika 160, ya tatu ina 65, andika 225, mpaka ufike 3000. Gawanya 3000 kwa 24, unapata 125, hiyo ndiyo hatua yako. Chomoa namba moja kwa bahati kati ya 1 na 125, tuseme imetoka 48. Avenyu yenye jumla yake inapita kwenye 48 imechaguliwa, ndiyo ile ya pili. Ongeza 125, ni 173, imeangukia ya tatu. Ongeza tena, 298, unaendelea vile mpaka mwisho. Kama kuna avenyu kubwa yenye imepigwa mara mbili, huko utachukua 8.

Watu wengi wakifika hapa wanaogopa: avenyu ya menaji 120 si ina nafasi kubwa kuliko ya 40? Ndiyo, ina nafasi mara 3. Lakini mukiingia ndani, mutachukua 4 kwa 120 upande ule, na 4 kwa 40 upande huu, kwa hiyo kila menaji ya ile kubwa nafasi yake inapungua mara 3. Vinasawazishana. Menaji yoyote ya kartie, popote iko, nafasi yake inatoka 4 kwa 125, sawa na 96 kwa 3000. Angalia, ile sentensi moja ndiyo direkta wako anaitafuta kwenye chapita, juu inaonyesha unaijua nafasi ya kila mtu. Kinyume chake, mtu akichomoa avenyu bila kuangalia ukubwa na kila moja akachukua 4, wa avenyu ndogo wanasikika kuliko wa kubwa, na itabidi asahihishe na uzito.

Ndani ya avenyu unatumia kura ya hatua. Avenyu ya 40 unataka 4, hatua ni 10: chomoa kati ya 1 na 10, halafu kila ya 10. Ukifika ukakuta menaji ni 60 kaye ilisema 40, usibadilishe hatua, endelea na 10, utapata 6 na ni sawa, ndiyo inalinda ile nafasi sawa ya kila menaji. Kura ya hatua inafaa pale vitu viko kwenye mupango, nyumba kwenye barabara, fishi kwenye kabati, na upendeleo wake unakuja kama mupango una mzunguko wenye kulingana na hatua, mfano kila nyumba ya 10 ni ya kona na kona ndiko robine iko. Na hesabu milango, si parsele. Kwenye parsele moja ya Kadutu unaweza kukuta menaji nyingi, mwenye parsele mbele na wapangaji nyuma. Anketeri anayebisha mbele tu na kuondoka ataleta picha ya wenye parsele, na mara nyingi ndio wako na robine.

Sasa kwa nini nilisema upange avenyu toka chini mpaka juu? Wewe unaujua mulima wenu, maji hayapandi sawasawa, wa juu wanaweza kungoja siku na wa chini wanafungua tu. Ukiziacha kwa bahati tupu unaweza kuangukia nyingi za chini. Ukipanga vile halafu ukaruka na hatua, sampuli yako inatawanyika yenyewe mulima mzima. Ni matabaka bila kuyaita matabaka. Matabaka yenyewe kabisa, yaani kugawa chini na juu na kufanya kura kila upande, yanafaa pale unataka kulinganisha zile pande mbili, na pale unajua mbele ya kwenda ni kitu gani kinatenganisha watu. Upendeleo wake? Ukiongeza kwa makusudi wa juu ili wawe wakutosha, halafu ukajumlisha wote bila uzito, jibu lako la kartie nzima litainamia juu. Hapo tu.

Vishada navyo vina bei yake. Watu wa avenyu moja wanachota mahali pamoja, kwa hiyo wa 5 anakwambia karibu kile cha wa kwanza. Watu 8 wa avenyu moja hawana habari ya watu 8. Hesabu yake ni 1 + (m − 1) × r, m ni menaji kwa avenyu, r ni namna wanavyofanana. Kwa maji kufanana ni kukubwa, tuweke r = 0,3 kama mfano. Ukichukua avenyu 12 kwa menaji 8, unapata 1 + 7 × 0,3 = 3,1, na 96 gawanya 3,1 ni kama 31: una habari ya watu 31. Ukichukua avenyu 24 kwa menaji 4, unapata 1,9, na 96 zako zina thamani ya kama 50. Karatasi ni zilezile, miguu ndiyo inachoka zaidi. Ndiyo maana nilikwambia 24.

Na hapo tunafika kwenye ile 96 yenyewe, iko kwenye memwari nyingi sana na watu wanaiweka bila kujua inatoka wapi. Ni 1,96² × 0,5 × 0,5 / 0,10², yaani idadi ya kupata makosa ya 10 kwa 100 juu na chini, kwa uhakika wa 95 kwa 100, *kwa kura rahisi*. Kwenye robine haisemi kitu kabisa, hakuna kura ilifanyika. Kwenye vishada vyako, na zile 50 za kweli, makosa yanakuwa kama 14 kwa 100. Andika 14, usiandike 10. Ukitaka 10 kwa kweli, zidisha 96 kwa 1,9, unapata kama 183, na uone kama pesa na muda vinatosha. Kama havitoshi, sema ni 14, hakuna haya.

Familia ya pili usiitukane kwenye memwari, ina kazi yake. Ukitaka kuelewa bei ya bidoni inapangwa namna gani, utaenda kwa makusudi kwa mwenye kusimamia robine, kwa shefu wa avenyu, kwa mama mwenye anauza maji, watu 8 ao 10 wenye wanajua kitu, na kura pale ingekuwa kupoteza muda. Upendeleo wake ni kwamba ni wewe umechagua sauti, kwa hiyo sema ulichagua kwa kigezo gani na tafuta hata mwenye anapinga. Wenye wamejiunga kwenye tuyo bila kuandikwa, hao hawako kwenye orodha yoyote na hawafungui mulango kwa anketeri, unaingia kwa mtu kuleta mtu. Pale unabaki ndani ya kundi moja la kujuana, mwenye marafiki wengi anatajwa sana, mwenye kuishi peke yake hatajwi. Anza na watu wa pande tatu ao nne wenye hawajuani, na usitoe asilimia.

Mgawo ndio unadanganya zaidi juu unafanana na matabaka. Unaambia anketeri: leta wanawake 60 na wanaume 36, na yeye anajaza na wale wenye wako karibu, wenye wanacheka naye, wenye wako nyumbani asubuhi. Namba zinatoka zuri, uchaguzi umebaki wa urahisi. Unafaa kwa kupima maswali mbele ya ankete ya kweli, ao wakati haraka imezidi na umekubali kusema hivyo.

Kurasa zako 3 basi: nusu ukurasa kwa ile familia mbili na orodha yenye kukosa, ukurasa mmoja na nusu kwa sampuli yako mwenyewe na hesabu zake, na ukurasa wa mwisho kwa zenye umekataa, kila moja mistari mitatu ao minne: ingefaa wapi, hapa ingeacha nani, na yule mwenye kuachwa angevuta jibu upande gani. Ile ya mwisho usiiruke. Kusema "sampuli ina upendeleo" si kitu, sema "ingeacha wenye robine nyumbani, kwa hiyo muda wa kuchota ungetoka mrefu kuliko kweli". Definisyo za kozi ziache kwenye nota.

Kitu kimoja tena mbele ya kurudi kwenye kazi. Milango itakuwa imefungwa. Menaji yenye wote wametoka kwenda sokoni mchana si sawa na yenye kuna mtu nyumbani, kwa hiyo usimubadilishe na jirani, rudi jioni, rudi siku ya mungu mchana, mara 3 kwa saa mbalimbali. Kwenye kaye yako fungua safu nne: amejibu, amekataa, hatukumukuta, nyumba haina watu. Uweke zile namba nne kwenye memwari hata kama hazikupendezi, na uzitenganishe kwa avenyu za chini na za juu, direkta akiuliza wale wa juu walikosekana wangapi uwe na jibu mkononi.